Kilo za Ramadhani huingilia wapi?

Saa tisa alasiri katika mwezi wa Ramadhani, njia za kuingia soko la Darajani, Unguja, hupitika kwa taabu. Watu wananunua muhogo, ndizi mbivu, magimbi, nazi, ukwaju, tende na tambi, na karibu wote wananunua wakiwa na njaa. Kariakoo ni vivyo hivyo, na Markiti ya Mombasa pia. Aliyetoka nyumbani akikusudia mafungu mawili ya viazi anarudi na manne, na kwa kuwa muuza kaimati amekaa pale pale njiani, kaimati nazo zinaingia mfukoni. Saa kumi jiko linawaka. Mpishi naye amefunga, kwa hiyo sufuria inajazwa kwa kadiri ya njaa ya saa hiyo, wala si kwa kadiri ya kitakacholiwa baada ya adhana ya magharibi.

Mwezi ukiisha, wapo wanaokuta suruali zinapwaya na wapo wanaokuta gauni la Idi, lililoshonwa wiki tatu kabla, halifungi mgongoni. Wote wamefunga siku zile zile, katika mji ule ule, pengine katika nyumba ile ile.

Watafiti wamelipima jambo hili mara nyingi. Mwaka 2019 jarida la kisayansi liitwalo Nutrients lilichapisha uchambuzi uliounganisha machapisho 70 ya utafiti kuhusu watu wazima wenye afya waliofunga Ramadhani. Kwa wastani, waliofunga walipungua kilo moja na ushee. Wanene walipungua mafuta ya mwilini kwa kiasi kinachopimika. Wembamba hawakuonyesha mabadiliko ya maana ya mafuta. Na kati ya wiki mbili na tano baada ya mwezi kumalizika, wengi walikuwa wamerudi kwenye uzito wao wa Shaabani. Kwa hiyo kinachopungua ni kidogo na hakidumu. Lakini wastani huchanganya watu wote pamoja: ukimchukua aliyepungua kilo nne ukamweka pamoja na aliyeongezeka kilo mbili, unapata kilo moja ya kupungua kwa kila mtu, na yule aliyeongezeka hamwoni tena.

Ili kuelewa kwa nini mfungo wenyewe haupunguzi mwili sana, inafaa kuhesabu saa. Pwani ya Afrika Mashariki iko karibu na ikweta, hivyo mchana wake haurefuki wala kufupika sana. Ramadhani ikiangukia Januari au Julai, mfungaji wa Tanga au Lamu hukaa saa 13 na dakika kadhaa bila kula, wakati mwenzake wa London, Ramadhani ikiangukia Juni, hupita saa 18. Sasa mwangalie mtu asiyefunga kabisa: anakula chakula cha usiku saa mbili, anakunywa chai saa moja asubuhi. Huyo amekaa saa 11 bila kula, ila alikuwa amelala. Ramadhani ya pwani inamwongezea saa mbili tu na kidogo. Tofauti kubwa ni kwamba saa za njaa zimehamia mchana, na chakula cha mchana kimeondoka.

Ndani ya mwili, saa hizo hupita hivi. Ini huweka akiba ya sukari inayokaribia gramu 100. Baada ya daku mwili hutumia kwanza kilicholiwa, kisha huanza kuchota akiba ya ini, na kadiri alasiri inavyosogea ndivyo unavyozidi kuchoma mafuta. Adhana ya magharibi humkuta mfungaji akiwa ndiyo kwanza ameingia katika hatua hiyo. Akifuturu kwa kiasi, siku imempunguzia mafuta kidogo. Akifuturu kwa wingi, mafuta yaliyochomwa tangu alasiri yanarudishwa kabla ya tarawehe, na ya ziada juu yake.

Wengine hudhani mwili wa mfungaji hulala, kwamba moto wake hupungua mchana ndiyo maana mtu ananenepa. Mfungo wa saa 13 hauleti badiliko kubwa la namna hiyo. Kinachopungua ni mwendo: mtu anayetembea kwenda sokoni siku nyingine sasa anapanda bodaboda, anayepalilia anapumzika, na mchana wa Jumapili unapita mkekani. Swala ya tarawehe, iwe rakaa 8 au 20, ina thawabu zake, lakini kwa hesabu ya jasho haiwezi kubeba mzigo wa sahani nzima ya vikaango.

Basi tuiangalie sahani. Tumchukue mama wa mfano, mwenye umri wa miaka 40, urefu wa sentimita 160 na uzito wa kilo 78. Kwa kazi zake za kawaida za nyumbani na dukani mwili wake hutumia takriban kalori 2,000 kwa siku. Ramadhani, kwa kuwa anatembea kidogo, tuseme 1,850. Kalori ni kipimo cha nguvu iliyomo kwenye chakula, ile ile inayoandikwa kwenye pakiti za biskuti. Chakula chochote kinachozidi mahitaji yake huwekwa akiba kama mafuta, na kilo moja ya mafuta ya mwili ni sawa na kalori 7,700 hivi.

Adhana inapoadhiniwa anaanza na tende tatu. Hizo ni kalori 70, na hazina ubaya wowote. Kisha juisi ya embe yenye sukari, glasi mbili kubwa, kwa sababu koo limekauka: 250. Bakuli la uji wenye sukari na pilipili manga: 140. Huku akingoja wengine, sambusa tatu: 360. Kaimati sita zinazong'aa kwa shira: 360 nyingine. Hapo hajagusa chakula chenyewe. Sahani ya muhogo wa nazi iliyojaa, kwa tui zito, ni karibu 550. Anaporudi kutoka tarawehe kuna chai ya maziwa na chapati moja, 380. Daku ni wali na maharage, na glasi ya juisi iliyobaki, 600.

Jumla imefika kalori 2,700. Amezidisha kalori 850 kwa siku ambayo alikaa saa 13 bila kutia kitu kinywani. Siku kumi za namna hiyo zinatosha kumwongezea kilo moja na zaidi. Akienda hivyo mwezi mzima, ni kilo tatu. Vipimo hivi ni vya makadirio, maana sambusa ya Mombasa na ya Mtwara hazilingani ukubwa wala mnofu, lakini uwiano wake hauko mbali na ukweli wa meza nyingi.

Kinachostahili kutazamwa katika hesabu hiyo ni mahali kalori zilipo. Watu wengi wakiamua kupunguza mwili huanza kwa kuutuhumu muhogo, eti ni wanga. Muhogo wenyewe uliochemshwa, kipande cha ukubwa wa kiganja, hauna makosa makubwa. Karibu kalori 1,000 za mama huyu ziliingia kabla hajafikia muhogo, nazo zilitoka kwenye vitu vitatu: sukari iliyoyeyushwa kwenye kinywaji, mafuta yaliyonyonywa na vikaango, na shira. Tui liliongeza lake baadaye. Ramadhani ya mwaka 2024 iliingia wakati sukari imeadimika na kupanda bei Tanzania, na familia nyingi zililazimika kupunguza vijiko. Kwa mifuko ilikuwa adha, ingawa kwa viuno huenda ilikuwa nafuu.

Juisi ndiyo yenye hila kuliko vyote. Tumbo halihesabu kinywaji kama linavyohesabu chakula. Mtu akila embe moja zima anatafuna, anameza nyuzinyuzi, na anashiba kiasi. Akinywa maembe matatu yaliyosagwa na kuchujwa, yakaongezwa sukari, yanapita kwa dakika mbili na njaa inabaki pale pale. Kiu ya mfungaji ni kiu ya maji. Glasi mbili za maji zikinywewa mwanzo, pamoja na tende, mkono hauendi tena kwenye jagi kwa pupa. Ukwaju na bungo vinaweza kutiwa sukari nusu ya kawaida, na baada ya siku nne tano ulimi unazoea. Hiyo ndiyo hatua moja inayompunguzia mama wetu zaidi ya kalori 150 kwa siku bila kuondoa sahani hata moja.

Vikaango vina kanuni zao jikoni. Mafuta yasiyopata moto vizuri huingia ndani ya unga kabla ngozi ya nje haijakauka, na sambusa inatoka nzito, ikiacha doa pana kwenye karatasi. Kujaza karai kupita kiasi huleta balaa hilo hilo, kwa sababu sambusa nyingi baridi zikitumbukizwa pamoja hushusha joto la mafuta. Anayekaanga chache chache, katika mafuta yanayochemka sawasawa, na kuziweka wima kwenye chujio zijichuje, anapata sambusa kavu zaidi. Hata hivyo sambusa kavu saba bado ni sambusa saba. Ya nyama, moja au mbili, angalau inashibisha. Kaimati hazina utetezi huo. Ni unga, mafuta na sukari, na wanaozipenda, ambao ni karibu watu wote, watafanya busara wakizipangia siku yake, tuseme Alhamisi na Jumapili, badala ya kuzigeuza nguzo ya kila futari.

Tui nalo halihitaji kufukuzwa. Wapishi wa pwani huchuja nazi mara mbili au tatu, wakapata tui zito la kwanza na tui jepesi linalofuata. Muhogo, magimbi au ndizi zikichemshwa kwa tui jepesi hadi ziive, kisha zikamalizwa kwa vijiko vichache vya tui zito, ladha inabaki juu, pale ulimi unapoikuta kwanza. Tatizo limekuja na tui la kopo na la pakiti, ambalo halina mchujo wa pili: kopo zima humiminwa sufuriani, zito kama lilivyo. Likichanganywa na maji sawa kwa sawa, mchuzi haupotezi kitu cha kulalamikiwa.

Mbali na kilicho kwenye sahani, kuna suala la mwendo wa kula. Ujumbe wa shibe kutoka tumboni hauji mara moja. Huchukua kama dakika 20. Mtu aliyekaa na njaa mchana kutwa anaweza kumaliza futari nzima kwa dakika 12, akanyanyuka akiwa bado anahisi ana nafasi, na nusu saa baadaye akawa hawezi kuinama. Kwa Waislamu dawa ya hili imo ndani ya sunna yenyewe. Mtume alikuwa akifungua kwa tende mbichi, zikikosekana tende kavu, zikikosekana mafunda ya maji, na kabla ya kuswali magharibi. Anayefanya hivyo, akaenda msikitini au akatandika mswala, akarudi kwenye mkeka baada ya robo saa, anakuta ile sukari ya tende imekwisha kuingia kwenye damu na ukali wa njaa umekatika. Nyumba nyingi zimeigeuza hatua hii. Zinapakua kila kitu, watu wanakula mpaka mwisho, kisha magharibi inaswaliwa kwa haraka huku tumbo likisukuma kifua.

Kuna ugumu mwingine ambao vitabu vya lishe vilivyoandikwa mbali havina habari nao. Pwani, futari haikai nyumba moja. Jirani analeta bakuli la tambi, shangazi anatuma mkate wa kumimina, wapangaji wa juu wanashusha maharage ya nazi, na bakuli haliruhusiwi kurudi tupu. Familia ya watu watano inaweza kujikuta mbele ya vyakula tisa. Kukataa ni utovu wa adabu, na hakuna haja ya kukataa. Wanaomudu hali hii hupika aina moja au mbili tu, wakijua vingine vitakuja, kisha kila mtu anapakua sahani yake mara moja. Kula pamoja kwenye sinia kuna raha yake, lakini kwenye sinia hakuna anayejua amekula kiasi gani, na anayetaka kujijua atapakuliwa pembeni kwa siku chache za mwanzo.

Turudi kwa mama wa mfano, safari hii akiwa na mpango. Tende tatu na maji. Magharibi. Bakuli dogo la uji wenye kijiko kimoja cha sukari. Sambusa moja ya nyama. Muhogo nusu ya ule wa kwanza, kwa tui jepesi, na kipande kizuri cha samaki wa kuchoma, mchicha na kachumbari. Baada ya tarawehe, papai au chungwa. Daku, ambayo haikosi, ni maharage ya kutosha, wali kiasi au mhogo, yai moja, na maji. Jumla inakaribia kalori 1,450. Ameshiba, na pengine ameshiba zaidi, kwa sababu samaki, maharage na mboga hukaa tumboni muda mrefu kuliko shira. Upungufu wa kalori 400 kwa siku, kwa siku 30, ni kilo moja na nusu. Atakuwa hakufanya muujiza. Atakuwa amefika pale ambapo watafiti waliwakuta wafungaji wengi.

Daku isidharauliwe. Wapo wanaokula kwa mara ya pili saa tano au saa sita usiku, wakalala na kuamka adhana ya alfajiri imekwisha. Wanadhani wamepunguza mlo. Wameongeza mfungo kwa saa tano, na alasiri inawakuta hoi, wakiwa wamekaa mbele ya simu wakitazama mapishi. Njaa hiyo hulipizwa magharibi. Chakula cha saa sita usiku pia kinaliwa na mtu anayekwenda moja kwa moja kitandani. Daku inayocheleweshwa, yenye kunde au maharage, dagaa au yai na wanga usiokobolewa kama dona au mtama, humfikisha mtu jioni akiwa na akili ya kuchagua. Ikiwa na chumvi nyingi, kama ile ya samaki ng'onda, italeta kiu ifikapo saa sita mchana.

Usingizi nao umo katika hesabu. Baraza baada ya tarawehe, wapiga ngoma wa daku, swala ya alfajiri, kazini saa moja na nusu: mtu anabaki na saa nne au tano za kulala. Mwili uliokosa usingizi hutoa zaidi homoni inayoamsha njaa na kupunguza ile inayoleta shibe, na huvutwa na vitamu. Kulala kidogo baada ya adhuhuri, hata nusu saa, kunasaidia. Kulala kutwa ili mchana upite kunahamishia maisha yote usiku, karibu na sufuria.

Anayetaka kujua kama anapungua kweli asidanganywe na mizani ya wiki ya kwanza. Akiba ya sukari ya mwili huhifadhiwa pamoja na maji, takriban gramu tatu za maji kwa kila gramu moja, na akiba ikipungua maji yake huondoka pia. Ndiyo maana wengi hupoteza kilo nzima katika siku tano za mwanzo, wakafurahi, kisha mizani ikasimama. Jioni kabla ya adhana mtu pia huwa amepungukiwa maji, na baada ya futari anaweza kupanda kilo moja au mbili ambazo si mafuta. Kipimo cha haki ni kimoja kwa wiki, siku ile ile na saa ile ile, kwa mfano Ijumaa asubuhi baada ya kutoka chooni. Futi ya fundi cherehani iliyozungushwa usawa wa kitovu husema kweli zaidi, kwa sababu kiuno hakibadiliki kwa sababu ya glasi ya maji.

Kuna watu ambao mazungumzo haya ya kilo hayawahusu kwanza. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari, kama glibenklamidi, anatakiwa amwone daktari wiki kadhaa kabla ya mwandamo, ili dozi ipangwe upya au aambiwe asifunge. Utafiti uliofanywa mwaka 2001 katika nchi 13 ulionyesha kuwa matukio ya sukari kushuka vibaya huongezeka mara kadhaa Ramadhani kwa wagonjwa hawa. Miongozo ya kimataifa inasema sukari ikishuka chini ya 3.9 kwenye kipimo cha mmol/L, au ikipanda zaidi ya 16.6, mfungo uvunjwe papo hapo. Mjamzito, anayenyonyesha mtoto mchanga na mzee aliyedhoofu nao wanahitaji ushauri wa mtaalamu kabla ya kufikiria kupunguza mwili kwa mfungo.

Kisha inakuja Idi, na hapa ndipo matokeo ya mwezi mzima huamuliwa. Biriani ya siku ya kwanza haimwongezei mtu kilo ya mafuta, hata akila sahani mbili. Kinachorudisha uzito ni wiki zinazofuata: chai na maandazi ya asubuhi yanarudi, chakula cha mchana kinarudi, lakini sambusa za jioni na chai ya chapati saa nne usiku haziondoki, kwa sababu mwezi mzima umekwisha kuzifanya desturi. Mtu anabaki na milo ya aina mbili kwa siku moja, ya Ramadhani na ya Shawwali. Anayekusudia kubaki na ile kilo moja na nusu aliyopungua huachana kwanza na mlo wa saa nne usiku, ndipo akarudisha chakula cha mchana. Wanaofunga sita ya Shawwali huipata hatua hiyo kwa urahisi zaidi, hasa wakizitawanya Jumatatu na Alhamisi, na mizani ya Ijumaa ya nne baada ya Idi ndiyo itakayoonyesha kama mafuta yameondoka au maji yalitoka na kurudi.